Powerwash hufuta mashine, haifuti akaunti

“Nikifanya Powerwash kabla ya kumpa mtu Chromebook yangu, kila kitu changu kimefutika kabisa.”

Kauli hii ni kweli kwa upande mmoja tu. Powerwash, ambayo huanzishwa kwenye ukurasa wa kuingia kwa kubonyeza Ctrl + Alt + Shift + R kisha kuchagua Restart, hufuta data ya watumiaji wote iliyohifadhiwa ndani ya mashine, lakini haigusi chochote kilichomo katika akaunti ya Google.

Tuchukue mtu mwenye picha katika folda ya Downloads na ripoti katika Google Drive. Baada ya Powerwash, picha imepotea, kwa kuwa folda hiyo imo ndani ya diski ya mashine na hainakiliwi mtandaoni yenyewe. Ripoti ipo salama, pamoja na alamisho na nywila zilizokuwa zimesawazishwa, na zote zitarejea atakapoingia kwenye Chromebook nyingine. Ajabu ni kwamba watu huhofia ripoti, ilhali kinachopotea ni picha.

Mpokeaji hawezi kuyaona yaliyobaki mtandaoni bila nywila ya mwenye akaunti. Hata hivyo, mashine ya zamani ikiwa bado imeorodheshwa chini ya Your devices katika mipangilio ya akaunti, iondolewe hapo kwa Sign out. Anayetaka faili za Drive zifutike hana budi kuzifuta humo humo, kisha aondoe na zilizomo kwenye Trash, ambako hukaa siku 30.