Faranga Milioni Sita: Ipi Hiyo?

Mimi naandika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa nafaka pale Kibaigwa. Juzi mteja wangu alinionyesha ujumbe kwenye simu: mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka anataka magunia 150 ya mahindi, atatuma "Fr 6,000,000". Mzee akawa anacheka kwa furaha, kwa sababu bei yake ilikuwa shilingi 70,000 kwa gunia, yaani milioni 10.5, na alishasikia kwamba faranga ina thamani kuliko shilingi.

Dhana: faranga ni faranga.

Hapo ndipo nilipomwambia asipakie kwanza. Malori yanayopita barabara yetu ya kati huenda Rwanda, Burundi na Kongo, na nchi zote tatu hutumia faranga, kila moja ya kwake, zisizo na undugu wowote wa thamani. Tuchukue viwango vya mfano tu, maana hubadilika kila siku: faranga ya Rwanda iwe shilingi 1.75, ya Burundi iwe 0.85. Milioni sita za Rwanda zinatoa 10,500,000, sawasawa na bei ya mzigo. Milioni sita za Burundi zinatoa 5,100,000, na nusu ya mahindi imeondoka bure. Hakuna aliyedanganya hapo. Mnunuzi aliandika kwa mazoea ya kwao, muuzaji akasoma kwa matumaini yake.

Mzee akanijibu kwamba namba ya simu inaanza na 250, kwa hiyo ni Rwanda. Nikamwambia namba haithibitishi sarafu, kwani mfanyabiashara wa Bujumbura anaweza kuwa na laini ya Kigali. Tukamwandikia: "Ni RWF au BIF?" Jibu likaja: RWF. Ndipo magunia yakaanza kupanda lori.

Herufi hizo tatu ni za orodha ya kimataifa iitwayo ISO 4217. Kwa kawaida mbili za mwanzo ni alama ya nchi na ya tatu ni herufi ya kwanza ya jina la sarafu: TZ na S kwa shilingi yetu, RW na F, BI na F. Angalizo dogo: Wanyarwanda wenyewe huandika "Frw" kwenye bei zao, na kwa sababu hiyo watu hujaza FRW kwenye fomu ya benki. FRW haimo katika orodha. Andika RWF.

Dhana: Kongo ni moja, na faranga yake ni moja.

Kinshasa wanatumia CDF, ambayo dukani huandikwa FC. Brazzaville, ng'ambo ya mto tu, wanatumia XAF, faranga inayotumika nchi sita za Afrika ya Kati, zikiwemo Kameruni na Gaboni. Herufi X inaonyesha kwamba si sarafu ya nchi moja. Thamani yake imefungwa kwenye yuro, 655.957 kwa yuro moja, wakati CDF haijafungwa hivyo. Ukiona "FCFA" kwenye ankara uliza tena, kwa sababu Afrika Magharibi nao wana yao, XOF. Thamani ya hizo mbili ni ileile, lakini noti za upande mmoja si malipo halali upande wa pili.

Dhana: CHF ni Chadi.

Chadi wako kwenye XAF. (Huku kwetu wengi wakisikia CHF hukumbuka kadi ya bima ya afya, na hilo angalau halipotezi pesa.) CHF ni faranga ya Uswisi. CH ni ufupisho wa jina la nchi hiyo kwa Kilatini, Confoederatio Helvetica. Faranga moja ya Uswisi ni maelfu ya shilingi, hivyo kuikosea na CDF ni balaa.

Dhana: alama $ maana yake Marekani.

Fundi mmoja wa mvinyo hapa Dodoma alitaka mashine ya kuziba chupa kutoka Australia, bei "$1,200". Alikwenda benki akiwa tayari kutuma USD 1,200. Alama hiyo hutumika pia Australia, Kanada, Singapuri na Namibia, na duka la Australia likiuza kwa wenyeji wake halioni haja ya kutaja dola ya nani. Deni lilikuwa AUD 1,200. Ikiwa dola ya Australia ni senti 65 za Marekani, hiyo ni USD 780 tu, na angezidisha 420.

Tuliligundua kwenye ankara. Juu, karibu na bei, palikuwa na $ peke yake. Chini kabisa, pembeni ya namba ya akaunti, kwa maandishi madogo, palikuwa pameandikwa AUD.