Vijiti vimejaa lakini intaneti haiendi: kusoma dBm na SINR kwenye rauta ya 4G

Ukifungua ukurasa wa rauta ya 4G kwa kuandika 192.168.8.1 au 192.168.1.1, kutegemea aina ya rauta, kwenye sehemu ya taarifa za kifaa utakuta herufi RSRP, RSRQ, RSSI na SINR, kila moja na namba yake. Kwenye simu ya Android namba mojawapo imo ndani ya Settings, About phone, SIM status, na huandikwa kwa mfano -97 dBm 43 asu. Watu wengi wanaofunga rauta hapa Dodoma hutazama RSRP peke yake, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara. Wanaizungusha rauta nyumba nzima, na pale namba inapopendeza ndipo wanapoiacha. Vijijini njia hiyo hufanya kazi vizuri. Mjini inaweza kukupeleka kwenye kona mbaya kuliko zote ndani ya nyumba, na unatoka hapo ukiamini umechagua bora.

Tuanze na dBm. Ni kipimo cha nguvu kinacholinganisha mawimbi uliyopokea na miliwati 1. Miliwati 1 kamili ni 0 dBm. Kila unaposhuka kwa 10, nguvu imegawanywa kwa 10, na kila unaposhuka kwa 3 imebaki karibu nusu. Kwa hiyo -90 dBm ni sehemu moja ya bilioni ya miliwati, na simu yako inafanya kazi vizuri tu na kiasi hicho. Alama ya hasi inaonyesha tu kwamba tuko chini ya miliwati 1, hivyo namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu. Kati ya -85 na -97 kuna tofauti ya desibeli 12, yaani ya kwanza ina nguvu mara 16 hivi kuliko ya pili.

Kwa RSRP ya 4G, kuanzia -80 kupanda ni nguvu nyingi sana, -80 hadi -90 ni nzuri, -90 hadi -100 ni ya kawaida na inatosha kwa kazi nyingi. Chini ya -100 unaanza kusikia tofauti, na ukikaribia -120 muunganisho unakatika katika. Angalia usichanganye na RSSI. RSRP ni wastani wa nguvu ya ishara maalumu za mnara wako, zinazopimwa katika vipande vyembamba vya masafa vyenye upana wa kilohezi 15. RSSI hujumlisha kila kinachoingia katika upana wote wa masafa: mnara wako, minara ya jirani na kelele. Ndiyo maana RSSI huwa juu ya RSRP kwa desibeli 20 hadi 30 hivi. Mtu akikwambia kwake anapata -65 na wewe una -93, muulize kwanza anasoma mstari upi, kwa sababu huenda mko sawasawa. Namba ya Wi-Fi nayo ina vipimo vyake: huko -67 ni ya kutosha kupiga simu ya video, na -80 ni dhaifu. Usiipime kwa viwango vya RSRP.

Sasa SINR. Hii ni tofauti kati ya mawimbi unayoyataka na kelele zote zinazoingia pamoja nayo, ikihesabiwa kwa desibeli. Vitabu vya mawasiliano huiita pia SNR pale kelele inapokuwa ya mashine na mazingira tu, bila minara mingine. Mtu akikuita kwa sauti kubwa katikati ya mnada wa Msalato siku ya Jumamosi huenda usimwelewe, na usiku wa manane barazani akakunong'oneza ukamsikia neno kwa neno. SINR inapima kueleweka. Zaidi ya 20 ni bora kabisa, 13 hadi 20 ni nzuri, kati ya 0 na 13 mtandao unakwenda lakini kasi inapungua kadiri namba inavyoshuka, na chini ya 0 kelele imeyazidi mawimbi yenyewe.

Kinachofanya RSRP na SINR ziwe na faida kweli ni kutoa moja kwenye nyingine. Chukua RSRP, toa SINR, na utapata makadirio ya kiwango cha kelele mahali rauta ilipo. Hesabu hii haimo kwenye ukurasa wa rauta, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inakwambia ugonjwa ni upi. Katika kipande cha kilohezi 15, joto la kawaida pamoja na kelele ya kifaa chenyewe hukaa karibu na -125 dBm. Hakuna namna ya kushuka chini ya hapo kwa rauta ya nyumbani. Kelele yako ikiwa karibu na -120, una utulivu wa kutosha na tatizo lako ni nguvu. Ikiwa -90 au -95, kuna kitu kinapiga kelele, na karibu kila mara kitu hicho ni minara mingine inayotumia masafa yale yale.

Dada mmoja anayeshona nguo na kuziuza mtandaoni aliniita nyumbani kwake Ilazo. Nyumba ni ya ghorofa moja, rauta ilikuwa juu, kwenye dirisha linalotazama mjini. "Kaka, vijiti vimejaa vyote, mbona video ya gauni moja inachukua nusu saa kufunguka?" Nilifungua ukurasa wa rauta: RSRP -85, SINR 3. Nikamwonyesha. "Dada, mnara unausikia vizuri, ila unasikia na minara mingine mingi kwa pamoja." Hesabu ndiyo ilisema: -85 kutoa 3 ni -88. Kelele ya -88 imezidi kile kiwango cha chini kwa desibeli 37. Hewa haiwezi kuleta kelele kiasi hicho. Dirisha lile lilikuwa juu, wazi, likiitazama minara ya mjini yote bila kizuizi.

Tulishusha rauta chini, chumba cha upande wa pili, ambako ukuta wa tofali na zege la ghorofa vilikaa kati yake na mji. RSRP ikawa -97. Yeye akasikitika, kwa sababu kijiti kimoja kilipotea. Lakini SINR ilipanda hadi 15. Toa tena: -97 kutoa 15 ni -112. Mawimbi ya mnara wake yalipungua kwa desibeli 12, kelele ikapungua kwa 24. Kuta zilimkata mnara wake kidogo na kuwakata wengine sana, na kilichobaki ni faida ya desibeli 12.

Faida hiyo inaweza kugeuzwa kuwa kasi kwa kanuni aliyoiandika Claude Shannon mwaka 1948, inayotoa kikomo cha data ambayo njia yoyote ya mawasiliano inaweza kubeba:

```
C = B × log2(1 + S/N)
```

B ni upana wa masafa, na S/N ni uwiano wenyewe kabla ya kugeuzwa kuwa desibeli. Desibeli 3 ni uwiano wa 2, desibeli 15 ni uwiano wa karibu 32. Ukiwa na upana wa megahezi 10, kikomo cha kwanza ni kama megabiti 16 kwa sekunde, cha pili kama megabiti 50. Rauta halisi hutumia antena zaidi ya moja na mnara unahudumia watu wengi, hivyo usitarajie namba hizo zenyewe. Uwiano wake ndio wa kuuangalia: karibu mara tatu, kutoka chumba kimoja hadi kingine, kwa bando lile lile.

Kabla ya kufurahia badiliko kama hilo, tazama PCI kwenye ukurasa ule ule. Hiyo ni namba ya utambulisho wa sehemu ya mnara uliyounganishwa nayo. Ikibaki ile ile, kwa kawaida unalinganisha kitu kimoja mahali pawili. Ikibadilika, rauta imehamia kwingine, na huenda kesho ikarudi kule ilikotoka. Pia SINR hairuki mara moja ikatulia. Inacheza, hivyo iache kama dakika moja katika kila sehemu na usome inakozunguka, huku kuna kitu kinapakuliwa. Asubuhi na mapema minara jirani haina kazi nyingi na kelele yake hupungua, kwa hiyo kipimo cha saa 12 asubuhi kitakudanganya kuhusu saa 2 usiku.

Sasa toka mjini. Kwenye nyumba ya shambani upande wa Bahi au Mvumi, ambako unausikia mnara mmoja kwa mbali, rauta inaweza kusoma RSRP -112 na SINR 9. Ukitoa unapata -121. Hapo hakuna minara ya kukimbia, kelele imeshafika karibu na kiwango chake cha chini, na kila desibeli ya nguvu unayoiongeza inaingia moja kwa moja kwenye SINR. Kushusha rauta nyuma ya ukuta, dawa iliyofaa Ilazo, hapa itaua kabisa. Unatoka chini ya bati, kwa sababu bati huzuia mawimbi vikali, na unapandisha antena ya nje kwenye nguzo ikitazama mnara. Ikileta desibeli 8, utasoma kama -104 na 17. Jihadhari na waya tu: waya mwembamba wa antena wenye urefu wa mita 10 unaweza kula desibeli 7 au zaidi, na faida yote ikaishia njiani. Ni afadhali rauta ikae karibu na antena, na kutoka hapo uvute waya wa mtandao wa kawaida hadi ndani.

Mjini, ambako tatizo ni kelele, siwashauri watu kununua kikuza mawimbi. Kinapandisha mawimbi na kelele kwa pamoja. RSRP itapanda, vijiti vitajaa, na SINR itabaki pale pale au itashuka, maana kifaa chenyewe kinaongeza kelele yake. Antena inayotazama upande mmoja ni kitu kingine, kwa kuwa inasikia zaidi mbele na kusikia kidogo pembeni. Inachagua, na mjini unachohitaji ni kuchagua.

Kuna hali ambayo namba hizi hazitakusaidia. RSRP -92, SINR 18, na bado usiku kasi ni ya kukatisha tamaa. Hapo muunganisho kati yako na mnara ni mzima, ila mnara umeelemewa na watu, na kusogeza rauta hakutaongeza chochote. Pima kasi alfajiri na usiku mahali pale pale. Kama SINR haijabadilika sana na kasi imeporomoka, andika saa, PCI, RSRP, SINR na kasi uliyoipata, uyapeleke kwa kampuni yako ya simu. Mhandisi wao akiona SINR ya 18 na kasi ndogo hawezi kukuambia usogee dirishani.