Picha halisi chini, nguo juu: maana ya kuchanganya tabaka

Tuseme una picha ya mtu iliyopigwa kwa kamera, pikseli 4000 kwa 6000. Umeipitisha kwenye programu ya kuhariri ili fulana aliyovaa igeuke koti lenye kola, na koti limemkaa vizuri. Tatizo ni kwamba faili lililorudi lina pikseli 1024 kwa 1536 tu. Ukivuta uso karibu unaona kope zimeshikana na ngozi imelainika kama nta. Lakini uso mzuri hujaupoteza, bado umo kwenye picha ya awali. Kitu kipya hapa ni koti peke yake.

Kuchanganya tabaka la nguo na picha halisi ndiko huko: unailaza picha iliyohaririwa juu ya ile ya awali, kisha unaificha yote isipokuwa nguo. Uso, nywele, mikono na mandhari vinabaki kutoka chini, vikiwa na ubora wao wote.

Wengi hukimbilia kulikuza lile faili dogo. Hesabu inakataa. Picha ya awali ina pikseli milioni 24, ndogo ina takriban milioni 1.6, kwa hiyo pikseli moja inatandazwa mahali palipokuwa na 15. Zinazojaza katikati ni makisio ya programu, na kope hazirudi kwa makisio.

Nitaeleza kwa GIMP, programu ya kuhariri picha. Fungua kwanza picha halisi, kisha lete iliyohaririwa kwa `File > Open as Layers`. Mpangilio huu una maana: ukianza na ndogo, turubai nzima itakuwa ya 1024 kwa 1536 na utapoteza kile unachojaribu kuokoa. Kisha kuza tabaka la juu kwa `Layer > Scale Layer` hadi 4000 kwa 6000. Hapa linaenea sawasawa kwa sababu picha zote mbili zina uwiano wa 2 kwa 3. Kama programu ilikata pembeni, uwiano hautalingana, na ukilazimisha vipimo hivyo mwili utavutika. Hapo itabidi ukuze kwa uwiano wake na kulisogeza mpaka likae.

Kujua kama limekaa, usitegemee jicho tu. Badilisha hali ya tabaka la juu iwe `Difference`. Palipolingana panakuwa peusi, palipotofautiana panang'aa. Koti litang'aa, na ni sawa. Angalia sikio na taya: ukiona mstari mweupe umefuata ukingo wa sikio, tabaka limehama. Chukua zana ya `Move`, lisogeze kwa vitufe vya mishale, pikseli moja moja, hadi mstari ufifie, halafu rudisha `Normal`.

Sasa ongeza barakoa ya tabaka kwa `Layer > Mask`, uchague `Black (full transparency)`. Tabaka lote linatoweka, usiogope. Chukua brashi nyeupe, pakaza juu ya koti, nalo linajitokeza. Ukikosea, pakaza nyeusi. Hakuna kilichofutwa, na hiyo ndiyo sababu naipenda barakoa kuliko kifutio. Ukingo wa brashi uwe laini kidogo, kwa sababu mpaka wa koti lililokuzwa karibu mara nne umeshatawanyika pikseli kadhaa. Ukiukata kwa wembe koti litaonekana limebandikwa.

Shingoni ndipo kazi inapoharibika. Kola mpya ikiwa imeachia wazi mahali palipofunikwa na fulana, fulana ya zamani itachungulia kutoka chini. Pakaza nyeupe kidogo zaidi ili kipande hicho cha shingo kitoke kwenye tabaka la juu, ukiishia kwenye kivuli cha kidevu ambako ukungu hauonekani. Zima na washa alama ya jicho iliyo pembeni mwa jina la tabaka la juu huku ukitazama kwa ukubwa wa 100%. Rangi ya ngozi ikiruka hapo, rekebisha rangi ya tabaka la juu kabla ya kuhifadhi.

Koti lenyewe, hata hivyo, bado ni la ile picha ndogo. Nyuzi zake haziongezeki. Kumwagia tabaka lake chembechembe kidogo, zinazofanana na za picha halisi, husaidia lisionekane laini kupita mwili unaolivaa.

Kama ulichobadilisha ni rangi tu na fulana ni ile ile, una bahati kubwa zaidi. Weka tabaka la juu kwenye `HSL Color`. Rangi inatoka juu, mwanga na giza vinatoka chini, na hivyo kila uzi na kila mkunjo unabaki ule uliopigwa na kamera. Njia hii haiwezi kugeuza fulana nyeupe kuwa nyeusi, kwa kuwa weupe wenyewe ni mwanga, na mwanga umeuacha chini.