Boksi Refu Halikufanyi Uruke Juu

Nikisikia tena mtu akisema "kocha, nimefika boksi la sentimita 75", nitayafungia stoo yale maboksi ya mazoezi ya kurukia juu. Juzi ni kijana wa raga kutoka Kondele, ugoko umechubuka kwa ncha ya boksi, na bado anajisifu.

Dhana ni kwamba urefu wa boksi ndio urefu wa mruko wako. Si kweli. Nilimsimamisha kando ya ukuta, akaweka alama ya chaki mkono ukiwa umenyooka juu, kisha akaruka na kuweka nyingine. Tofauti ilikuwa sentimita 38. Basi mwili wake unapanda 38, na zile 37 zilizobaki anazipata kwa kukunja magoti hadi kifuani. Hilo ni zoezi la nyonga. Nguvu ya kusukuma ardhi haijaongezeka hata kidogo.

Baya zaidi, kisha anaruka chini. Miguu yake inapokea mshindo wa kimo mara mbili ya kile anachoweza kuruka mwenyewe. Mimi humwambia kila mtu ashuke kwa kukanyaga, mguu mmoja baada ya mwingine, na hapo sibishani na mtu.

Tulirudi mwanzo. Alikanyaga kutoka kwenye kipandio cha sentimita 20, akatua kwa miguu yote miwili na kutulia sekunde mbili, mara tano, seti tatu. Goti lake la kushoto lilikuwa likiingia ndani, kwa hiyo tulibaki hapo wiki mbili. Magoti yalipoanza kufuata vidole na kishindo kikapungua, akaruka juu palepale chini na kutua vilevile. Boksi lilikuja baadaye, la sentimita 30. Kipimo changu ni mkao: utue ukiwa umechuchumaa kiasi kile ulichochuchumaa ulipoondoka. Makalio yakiwa chini ya magoti, boksi ni refu mno kwako.

Wengine hudhani miruko ya hatua, ile ya mguu kwa mguu kwenda mbele, ni ya kupasha mwili joto. Hiyo ndiyo nzito kuliko yote niliyotaja, maana kila mguu unatua peke yake ukiwa na kasi ya mwendo. Anza kwa kuruka mbele kwa miguu miwili na kutulia. Halafu ruka kutoka mguu mmoja, utue kwa mwingine, usimame. Ukiweza bila kuyumba, ndipo unganisha mitatu au minne, kwenye nyasi, si kwenye lami.

Na kuhusu "nifanye mpaka nichoke": hapana. Mguu ukianza kukawia ardhini, seti imekwisha. Pumzika siku mbili kabla ya kurudia.

Kijana bado yuko kwenye sentimita 30. Ananilalamikia kwamba wenzake wanamcheka.