Sakramenti saba, mbili, au hakuna kabisa?

"Kwa nini Wakatoliki wana sakramenti saba, Wamoraviani mbili, na Wapentekoste wanasema wao wana maagizo tu? Si wote wanasoma Biblia moja?"

Ndiyo, Biblia ni moja. Kinachotofautiana ni masharti ambayo ibada inatakiwa kuyatimiza ndipo iitwe sakramenti. Ni sawa na chekeche: unga ni uleule, ila ukibadilisha ukubwa wa matundu, kinachopita kinabadilika.

Wengi hudhani kwamba orodha ya saba ilikuwepo tangu siku za mitume, kisha Waprotestanti wakazitupa tano. Si hivyo. Kwa karne nyingi hakukuwa na hesabu rasmi. Agostino, askofu wa karne ya nne na ya tano, aliliita sakramenti karibu tendo lolote linaloashiria jambo takatifu, na hata Sala ya Bwana ilimo. Orodha ya saba tunayoifahamu, yaani Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja Takatifu na Ndoa, ilipata nguvu kutoka kwa Petro Lombardo, mwalimu wa Paris, katika miaka ya 1150. Yeye alibana masharti: haitoshi ishara kuonyesha neema, sharti pia iilete. Mkutano mkuu wa maaskofu, yaani Mtaguso, wa Firenze ukaipokea orodha hiyo mwaka 1439, na ule wa Trento mwaka 1547 ukakataza kuongeza au kupunguza.

Tena, zile tano hazikutupwa. Wamoraviani wa Tabora wanafunga ndoa kanisani, wana kipaimara, na wanawawekea mikono wachungaji wao. Wanachokataa ni kuziweka ibada hizo daraja moja na Ubatizo na Chakula cha Bwana.

Anayetuonyesha vizuri jinsi matundu yalivyopunguzwa ni Martin Luther. Mwaka 1520 alidai mambo mawili: ahadi ya Kristo mwenyewe, na ishara inayoonekana iliyoambatanishwa na ahadi hiyo. Ubatizo una maji, Meza ya Bwana ina mkate na divai. Kitubio kikamsumbua. Ahadi ya kuondolewa dhambi ipo katika Yohana 20, lakini iko wapi ishara ya kushikika? Ndiyo maana kitabu chake cha mwaka huo kinaanza kwa kutaja sakramenti tatu na kinamalizika kwa mbili.

Lakini hata wenye mbili hawalingani. Anayesema "sakramenti" kwa kawaida anamaanisha kwamba Mungu ndiye anayetenda kwa kupitia ishara. Anayesema "agizo" anamaanisha kwamba mwamini anamtii Kristo na kushuhudia imani aliyokwisha kuipata. Mtazame mtoto mchanga: Mmoraviani anambatiza, kwa kuwa neema haingojei mtoto aelewe. Mpentekoste anamwombea na kumweka wakfu, kisha anasubiri akue, kwa kuwa mtoto hawezi kushuhudia. Nao Wasabato hutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, wakifuata Yohana 13, ambapo agizo liko wazi kabisa. Wakatoliki nao huosha miguu Alhamisi Kuu, ila hawaihesabu ibada hiyo kuwa sakramenti.

Ndoa ndipo tofauti hizi zinapogusa maisha ya watu. Tuseme binti Mkatoliki wa Ndala anaolewa na kijana Mmoraviani wa Sikonge. Ofisi ya parokia itauliza habari za ubatizo wa kijana, na ruhusa itaombwa kwa askofu. Akiwa alibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, habatizwi upya. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, ndoa halali ya wabatizwa wawili ni sakramenti papo hapo, na katika mapokeo ya Kilatini wanaoitoa ni bwana na bibi harusi wenyewe kwa ridhaa yao. Padre anashuhudia na kubariki. Kwa hiyo kijana huyu anampa mkewe sakramenti ambayo kanisa lake haliihesabu kuwa sakramenti. Hata Wamoraviani wawili wakioana kihalali mbele ya mchungaji wao, Kanisa Katoliki linaitambua ndoa yao kuwa sakramenti, wenyewe wapende wasipende kuiita hivyo.

Sasa mbadilishe kijana: awe Mwislamu wa Ujiji. Askofu anaweza kutoa kibali, na ndoa ikafungwa ikawa halali na yenye kuwabana wote wawili. Lakini si sakramenti, hata kwa yule binti, kwa sababu mmoja wao hajabatizwa. Na siku mume huyo akibatizwa, wanateolojia wengi wa Kikatoliki wanashikilia kwamba ndoa ileile inakuwa sakramenti kuanzia hapo, bila harusi ya pili wala kiapo kipya.