Je, wajua kwa nini jina hubadilika katika barua ya Kicheki?

Swali: “Kwa nini barua ya biashara ikitafsiriwa kwa Kicheki jina la anayeandikiwa hubadilika, na kwa nini sentensi ya kwanza huanza kwa herufi ndogo?”

Nomino za Kicheki hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi. Zina hali saba, na ya tano ni ya kumwita mtu. Kwa hiyo bwana anayeitwa Novák, jina la kawaida sana kule, huandikwa Novák kwenye anwani kwa sababu hapo anatajwa tu, lakini kwenye salamu anaitwa, na salamu huwa “Vážený pane Nováku,” yaani “Mheshimiwa Bwana Novák”. Svoboda huwa Svobodo, Němec huwa Němče, ilhali Černý habadiliki kwa kuwa jina lake lina umbo la kivumishi. Majina ya wanawake yanayoishia na -ová hayabadiliki pia. Katika mazungumzo utawasikia Wacheki wenyewe wakisema “pane Novák”, lakini katika barua ya biashara hilo ni kosa, na ndilo kosa analolifanya kwanza mfasiri anayenakili jina kutoka kwenye anwani na kulibandika kwenye salamu.

Herufi ndogo nayo inatokana na mkato unaofuata salamu. Kwa Kicheki salamu haijitengi na barua. Ni mwanzo wa sentensi ya kwanza, na mkato huunganisha vipande viwili. Kwa hiyo, ijapokuwa mstari umeshushwa na aya mpya imeanza, sentensi bado ni ileile, na herufi kubwa haina nafasi.

Tuchukue mfano wa barua ya kuwazia. Mkurugenzi wa kampuni ya kahawa mjini Moshi anamwandikia mnunuzi wake wa Brno. Barua ya Kiswahili inaanza “Ndugu Mkurugenzi,” kisha inafuata “YAH: KAHAWA YA MSIMU WA 2023/2024”, kisha “Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea barua yako ya tarehe 4 Machi 2024.” Kwa Kicheki mpangilio unageuka: kichwa cha habari hutangulia salamu. Zamani kilitanguliwa na neno “Věc:”, ambalo ni ndugu wa YAH yetu, lakini leo neno hilo huachwa; kichwa huandikwa kwa wino mzito, bila nukta mwishoni na bila haja ya herufi kubwa tupu. Sentensi ya “Husika na kichwa cha habari” haina mwenzake, na mfasiri aiache bila majuto. Mwanzo unakuwa hivi:

Káva ze sklizně 2023/2024

Vážený pane řediteli,

obdržela jsem Váš dopis ze dne 4. března 2024.

Mistari hii mitatu haikuweza kuandikwa kabla mfasiri hajauliza maswali mawili ambayo barua ya Kiswahili haiyajibu. La kwanza ni kama anayeandikiwa ni mwanamume au mwanamke, kwa sababu “Ndugu” inawafaa wote, lakini Kicheki kinalazimisha kuchagua kati ya “Vážený pane řediteli” na “Vážená paní ředitelko”. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni jinsia ya mwandishi mwenyewe. “Nimepokea” haisemi lolote kuhusu aliyepokea. Kwa Kicheki mwanamume huandika “obdržel jsem” na mwanamke “obdržela jsem”. Hapa mkurugenzi wa Moshi ni mwanamke. Kama mfasiri hana njia ya kujua, aandike kwa sauti ya kampuni, “obdrželi jsme”, yaani “tumepokea”, na hilo halimshangazi msomaji yeyote katika barua ya biashara.

Jambo hilohilo hujificha ndani ya ombi. Mtu mmoja anayeheshimiwa huambiwa Vy, “ninyi”, na katika barua neno hilo pamoja na Vám na Váš huandikwa kwa herufi kubwa. Hata hivyo, wingi huu unagusa sehemu moja tu ya kitenzi. “Tunaomba ututumie mkataba uliosainiwa” huwa “prosíme, abyste nám poslal podepsanou smlouvu” kwa bwana, “poslala” kwa bibi, na “poslali” pale tu ambapo barua inawahusu watu wengi au kampuni nzima. Ukimwandikia bwana mmoja “poslali”, atakuelewa, lakini atajua mara moja kwamba barua imetafsiriwa.

Kuhusu vyeo, Wacheki wanavitumia kuliko sisi tunavyodhani. Tuseme kwenye anwani ya mnunuzi wetu pameandikwa “Ing. Jan Novák, Ph.D.”: shahada moja iko mbele ya jina, nyingine nyuma yake baada ya mkato. Kwenye salamu vifupisho hivyo havionekani kamwe. Hutajwa cheo kimoja tu, tena kwa neno kamili lililo katika hali ya kuitia, na jina laweza kuachwa kabisa. Angeweza kuitwa “pane doktore”, kwa kuwa shahada ya juu huishinda ya chini, lakini kwa kuwa barua inamwendea kama mkurugenzi, wadhifa wake ndio uliochaguliwa. Kama hujui shahada wala wadhifa, tazama saini ya barua yake ya awali, au rejesta ya makampuni ya Kicheki katika or.justice.cz, ambako majina ya viongozi wa kampuni huonekana kwa kila mtu. Kama hata jina hulijui, “Vážená paní, vážený pane,” inatosha; angalia kwamba neno vážený la pili lina herufi ndogo.

Sehemu inayoweza kuleta hasara ya fedha si salamu bali tarakimu. Barua ya Moshi inasema magunia 320 ya kilo 60, jumla kilo 19,200. Kwa Kicheki mkato ni alama ya desimali, kwa hiyo “19,200 kg” inasomeka kama kilo kumi na tisa na gramu mia mbili. Huandikwa “19 200 kg”, kwa nafasi isiyokatika, na bei ya dola 4.35 kwa kilo huwa “4,35 USD”. Asilimia nayo hutaka nafasi: “15 %” ni asilimia kumi na tano, lakini “15%” iliyoshikamana ni kivumishi, kama katika punguzo la asilimia kumi na tano. Mambo haya yamo katika kiwango cha taifa ČSN 01 6910 kinachohusu uandishi wa nyaraka, ambacho makatibu muhtasi na wafasiri wengi wa Kicheki hukifuata.

Mwishoni “Wako mtiifu” hubadilishwa na “S pozdravem”, na hapa desturi inageuka tena: baada ya maneno hayo hapawekwi mkato. Chini yake huja saini, jina na wadhifa. Jina la mkurugenzi wetu wa Moshi lisiongezewe -ová. Ni lake na libaki kama lilivyo kwenye pasipoti. Lakini msomaji wa Brno hawezi kujua kwa jina la Kichaga kama anamjibu bwana au bibi, kwa hiyo wadhifa chini ya saini uandikwe “ředitelka”, si “ředitel”, ili naye apate kuandika salamu ya jibu lake bila kubahatisha.