Rili ya kazi za chuo: klipu ipi itangulie?

"Nina filamu tatu za chuo tu. Si bora nijaze klipu nyingi, nianze na droni ya Nungwi, ile kali kabisa nimalizie nayo?"

Hapana. Anayetafuta mpiga picha wa filamu hufunga rili, ile video fupi ya kuonyesha kazi zako, mapema akichoka, na hiyo kali hataiona. Droni ya Nungwi nayo inathibitisha kwamba bahari ni nzuri, jambo ambalo hakuna aliyelibishia.

Tuseme filamu moja ni ya mama na bintiye wakizungumza chumbani, Mji Mkongwe, kwa mwanga wa dirisha. Una picha pana na uso wa kila mmoja kwa karibu. Anza na hizo tatu, mfululizo. Jua lilisogea mkiwa mnapiga, kwa hiyo zikikaa pamoja ndipo inapoonekana kama uliumudu mwanga: kivuli cha shavu kimebaki upande ule ule, rangi ya ngozi haikuruka. Zitazame kwanza bila sauti. Uso mmoja ukigeuka buluu ghafla na huwezi kuusawazisha, utoe.

Kisha hamia kwingine kabisa: wakulima wa mwani wa Jambiani juani, halafu Forodhani usiku. Usimrudishe yule mama baadaye. Uso ukijirudia, mtu anaanza kukuhesabia filamu.

Dakika moja inatosha, hata pungufu. Kuwa ni kazi ya chuo usifiche, na kama taa alipanga mwenzako, andika hivyo.